Mombasa ni jiji kwa karatasi gani?

Jioni ya Agosti 2024, siku Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, tulikuwa tumeketi barazani Mji wa Kale, dele la kahawa limewekwa kati na kashata zinapungua. Kijana mmoja anayeuza vifuniko vya simu alikuwa akifuatilia sherehe hiyo kwenye simu yake. Akamgeukia mzee aliyekuwa pembeni yake.

"Ami, Eldoret washapewa ujiji wao. Sisi tulipewa lini?"

Mzee akacheka. "Mombasa kupewa? Mombasa ilikuwa mji, Nairobi ikiwa kinamasi cha ng'ombe wa Wamaasai."

"Mji, sawa. Lakini mimi nimeuliza jiji."

Pale pakazuka mabishano yaliyofika hadi adhana ya isha. Mmoja alisema jiji ni wingi wa watu. Wa pili akasema hapana, ni bandari na uwanja wa ndege. Mwenye duka la jirani akaingia ndani, akatoa kibali chake cha biashara kilicho ndani ya fremu na kukisoma kwa sauti: Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Akakigeuza, akatazama nyuma. Neno jiji halikuwapo popote. "Basi," akasema, "labda tumenyang'anywa na hatukuambiwa."

Alikuwa anatania, lakini swali lake lina uzito kuliko alivyodhani.

Tuanze na lugha yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotuchanganya. Kwa Kiswahili mji ukikuzwa huwa jiji, kama vile mtu akikuzwa huwa jitu. Ni neno la kukadiria kwa macho: ukiona majumba mengi na watu wengi, ni jiji. Na hata "mji" kwa watu wa hapa haukuwa lazima majengo. Tunaposema Thenashara Taifa, yaani Miji Tisa na Miji Mitatu, tunataja watu na koo zao: Wakilindini, Watangana, Wachangamwe na wenzao. Sheria haikopi maana yoyote kati ya hizo. Kwa sheria, jiji ni mahali palipopewa hadhi hiyo na mwenye mamlaka ya kuitoa, kwa maandishi, siku fulani. Mahali panaweza kuwa pakubwa na pakongwe mpaka basi, na pasiwe jiji.

Mombasa yenyewe ndiyo mfano mzuri. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 na akakuta mji. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Reli ilipoanza kwenda bara ilianzia hapa, na Nairobi ikazaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli. Lakini tarehe 30 Machi 1950, Nairobi, kambi iliyokuwa na umri wa miaka 51 tu, ilikabidhiwa hati ya jiji iliyotolewa kwa jina la Mfalme George wa Sita, na aliyeileta alikuwa ndugu yake, Mtawala wa Gloucester. Mombasa ilibaki manispaa. Ilibaki hivyo wakati wa mkoloni, ikabaki hivyo baada ya uhuru, na hadhi ya jiji ikaja mwanzoni mwa miaka ya 2000, utawala wa Rais Moi ukielekea ukingoni. Kisumu nayo ilipata yake mwaka 2001, ilipotimiza miaka 100. Kwa hiyo ami pale barazani na yule kijana walikuwa sahihi wote wawili. Mmoja alizungumzia mji, na mwenzake hati.

Kwa nini hati? Hapa inabidi twende Uingereza kidogo, kwa kuwa huko ndiko tulikoazima utaratibu huu. Kule hakuna kiwango cha watu kinachofanya mahali pawe jiji. Mfalme au malkia ndiye anayetoa hadhi kwa barua yenye muhuri, kwa ushauri wa mawaziri wake, basi. Ndiyo sababu St Davids, kijiji cha Wales chenye watu wasiofika 2,000, ni jiji, na Reading, yenye zaidi ya watu 170,000, si jiji ingawa imeomba mara kadhaa. St Davids ina kanisa kuu la kale na historia ndefu, na Malkia Elizabeth akairudishia hadhi hiyo miaka ya 1990. Reading ina watu, kazi na treni, lakini haina barua.

Kisa kinachonifundisha zaidi kuliko vyote ni cha Rochester, karibu na London. Ilikuwa jiji kwa karne nyingi. Mwaka 1998 serikali za mitaa zilipangwa upya, na baraza lililokuwa likishikilia hadhi hiyo likavunjwa ili kuunda mamlaka mpya kubwa zaidi iitwayo Medway. Katika hali kama hiyo kuna hatua ndogo ya kuchukua: kuteua wadhamini wa hati, yaani kikundi cha watu wa kuishika ile hadhi kwa niaba ya mji baada ya baraza kufa. Wahusika hawakuteua. Hadhi ikatoweka kimya kimya, na ilikuwa mwaka 2002 ndipo watu walipogundua kwamba jina la Rochester halimo tena katika orodha ya majiji. Hakuna hata nyumba moja iliyobomolewa. Kanisa lilikuwa pale pale na ngome pale pale. Kilichokosekana ni mtu wa kuishika karatasi.

Sasa rudisha fikira Mombasa, Machi 2013. Kabla ya hapo tulikuwa na Baraza la Jiji la Mombasa, lenye meya, madiwani na karani wake. Baraza hilo lilisimama juu ya Sheria ya Serikali za Mitaa, sura ya 265. Baada ya uchaguzi wa mwaka ule sheria hiyo ilikoma, na mabaraza yote 175 ya nchi nzima yakafa nayo, likiwamo letu. Meya akaondoka, akaja gavana. Madiwani wakaondoka, wakaja wawakilishi wa wadi. Aliyekuwa ameshika hati ya jiji alizikwa. Je, hadhi ilizikwa naye, kama Rochester?

Jibu ni hapana, na ushahidi mwepesi kuliko wote ni hesabu. Serikali ilipoipandisha Nakuru hadhi tarehe 1 Desemba 2021, iliitangaza kuwa jiji la 4. Eldoret, tarehe 15 Agosti 2024, ikatangazwa kuwa la 5. Nakuru haiwezi kuwa la 4 bila kuwapo matatu ya mwanzo, na matatu hayo ni Nairobi, Mombasa na Kisumu. Dola yenyewe, kila inapohesabu, inatuhesabu.

Ila tunahesabiwa kwa namna ya pekee, na ili uione ni lazima kwanza uone jinsi jiji linavyopatikana Kenya ya leo. Katiba ya 2010, kifungu cha 184, haikutaja sifa za jiji. Ilisema tu kwamba Bunge litatunga sheria ya kuweka vigezo na namna ya kuendesha miji. Sheria hiyo ikaja mwaka 2011, nayo ndiyo inayohusu maeneo ya miji na majiji. Ikaweka ngazi: mji mdogo, kisha manispaa, kisha jiji. Kwa jiji ilitaka watu wasiopungua 500,000, na kwa manispaa 250,000. Viwango hivyo vilikuwa vikali mno. Makao makuu mengi ya kaunti hayakukaribia hata hicho cha manispaa. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa: jiji likashushwa hadi watu 250,000, manispaa hadi 50,000.

Tazama marekebisho hayo yalivyofanya kazi, kwa sensa ya 2019. Nakuru mjini ilikuwa na watu 570,674. Hao wanavuka kiwango cha zamani na kipya pia, kwa hiyo Nakuru haikuhitaji kupunguziwa chochote. Eldoret ilikuwa na 475,716. Kwa sheria ya awali isingepita, ingekosa kama watu 24,000 hivi. Kwa hiyo Eldoret ni jiji leo kwa sababu wabunge walihamisha mstari miaka 5 kabla. Na Kisumu, jiji tangu 2001, ilikuwa na watu 397,957 mjini. Kama ingepimwa kwa rula ya 2011, jiji letu la 3 lingeshindwa mtihani. Halikupimwa, kwa sababu liliingia kwa mlango wa zamani.

Sasa nenda Ruiru, pale nje ya Nairobi. Sensa ile ile iliipa watu 490,120. Ruiru ina watu wengi kuliko Eldoret na imeiacha Kisumu mbali. Si jiji. Kikuyu ina 323,881, Mavoko ina 322,499, na zote mbili zimevuka 250,000. Si majiji. Ukimwambia mtu hivi huwa anadhani kuna dhuluma imefanyika, kumbe hajaelewa kazi ya ile namba. Watu 250,000 hawakufanyi jiji. Wanakupa ruhusa ya kuanza kuomba tu. Ni kama kimo cha kujiunga na jeshi: ukiwa mfupi unarudishwa langoni, lakini ukiwa mrefu hupewi sare kwa urefu wako.

Kuomba kwenyewe kuna hatua, na nitazitaja kwa mpangilio wake kwa kuwa magazeti hupenda kuandika "Rais atangaza jiji", kana kwamba ameamka asubuhi akaamua.

Anayeanza ni bodi ya manispaa husika. Kwa hiyo lazima mahali pawe manispaa kwanza, na umanispaa hutolewa na gavana kwa idhini ya Bunge la Kaunti. Bodi ikipitisha azimio, inapeleka ombi kwa kamati tendaji ya kaunti. Ikikubaliwa, gavana anaunda kamati ya muda yenye wataalamu wa fani mbalimbali, wakiwamo wapimaji, wapangaji miji, wasanifu majengo na mawakili, ili wakague kama manispaa inastahili. Wanakagua vitu ambavyo namba ya sensa haivionyeshi. Je, kuna mpango wa maendeleo ya mji ulioandikwa? Je, mji unaweza kukusanya mapato ya kujiendesha, na vitabu vya hesabu vinaonyesha nini? Kuna barabara, taa za mitaani, masoko na zimamoto? Taka zinakwenda wapi? Wakazi wana njia ya kushiriki maamuzi? Ripoti ikitoka inakwenda Bunge la Kaunti. Likipitisha, jambo linakwenda Seneti. Seneti ikipitisha azimio, ndipo Rais anapoweza kutoa hati. Nakuru ilipita ngazi zote hizo, na Seneti ilipitisha azimio lake miezi kadhaa kabla ya sherehe ya Desemba.

Kwa maoni yangu, katika msururu huo kigezo kigumu si watu. Ni taka na vitabu vya hesabu. Watu huja wenyewe, hawahitaji kuandaliwa. Lakini kuzoa takataka za watu nusu milioni kila siku na kuonyesha risiti za kazi hiyo ni jambo jingine. Pia ndicho kigezo kinachopimika kwa ulegevu kuliko vyote, kwa sababu sheria inasema "uwezo" na haisemi tani ngapi. Namba ya watu unaweza kuipinga kwa kitabu cha sensa. Neno "uwezo" utalipinga kwa nini?

Kisha hati ikishatolewa, inakupa nini? Hapa pana mambo mawili ndani ya bahasha moja, na watu huyachanganya. La kwanza ni jina na heshima yake. La pili ni mwili wa kisheria. Kwa sheria ya Kenya, jiji lililo ndani ya kaunti huendeshwa na bodi yake pamoja na meneja, chini ya serikali ya kaunti. Bodi hiyo ni kama mtu mbele ya sheria: ina muhuri wake, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mkazi wa Kisumu, Nakuru au Eldoret anaweza kuonyeshwa ofisi na kuambiwa, hawa ndio jiji, na wale kule ndio kaunti.

Mkazi wa Mombasa hawezi. Kaunti yetu yote ni jiji, na jiji letu lote ni kaunti. Sisi na Nairobi tuko hivyo, na hakuna kaunti nyingine iliyo hivyo. Ndiyo maana mradi mkubwa wa kusaidia manispaa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2018 uliingia kaunti 45 na kuziacha mbili hizi, kwa kuwa hazikuwa na miji ya kutenganishwa na kaunti. Na hata kati ya hizi mbili kuna tofauti ya jina. Fungua orodha ya kaunti nyuma ya Katiba. Ya 47 imeandikwa Jiji la Nairobi. Ya kwanza kabisa imeandikwa Mombasa, peke yake, bila jiji. Sasa yule mwenye duka anaweza kurudisha fremu yake ukutani kwa amani. Kibali chake kinasema kaunti kwa sababu kaunti ndiyo yenye mwili, na jiji limebaki na jina tu. Hatukunyang'anywa. Aliyeshika hati alikufa, na kaunti ikarithi nyumba, lakini haikubandika jina la marehemu mlangoni.

Je, jina bila mwili lina faida? Watu wengi hudhani jiji hupata fungu kubwa zaidi kutoka Nairobi. Fungu la kaunti hugawanywa kwa fomula inayopitishwa na Seneti. Katika fomula ya mwaka 2020 kulikuwa na idadi ya watu, afya, umaskini, kilimo, ukubwa wa ardhi, barabara, na sehemu ya asilimia 5 kwa ajili ya huduma za mijini. Asilimia hiyo 5 iliangalia watu wanaoishi mijini. Haikuuliza nani ana hati. Ukiwa na wakazi wa mijini unapata, uwe jiji au usiwe. Vivyo hivyo, wako wenye hofu kwamba mji ukiwa jiji kodi za viwanja zitapanda. Mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo yako kwa kaunti, kwa kifungu cha 209 cha Katiba, na kaunti inaweza kupandisha viwango hivyo hata katika mji usio na hadhi yoyote. Kinachoweza kupanda baada ya hati ni bei ya kiwanja sokoni, kwa kuwa mawakala wa ardhi husoma magazeti kama sisi. Hiyo ni tamaa ya soko, wala sheria haimo.

Majirani zetu wa Tanzania wanatuonyesha jambo jingine, kwamba hadhi inaweza hata kuhamishwa. Dar es Salaam ilikuwa jiji tangu Desemba 1961. Kwa miaka mingi kulikuwa na Halmashauri ya Jiji juu, na manispaa chini yake: Ilala, Kinondoni, Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja ile halmashauri ya juu na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Sinza, aliye Ubungo, alilala ndani ya jiji na kuamka ndani ya manispaa, na hakuhamisha hata kijiko. Ukimwuliza anaishi wapi atakuambia Dar es Salaam, na hatakuwa amedanganya. Amesema mji, hakusema halmashauri.

Hilo linanirudisha kwenye jambo ambalo pale barazani halikuguswa, nalo kwangu ndilo kiini cha mambo: mpaka. Kila namba ya watu ni namba ya watu walio ndani ya mstari fulani. Sensa ya 2019 iliipa Mombasa watu 1,208,333, na hao ni kaunti nzima, kuanzia Mvita kisiwani hadi Likoni, Nyali, Kisauni, Changamwe na Jomvu. Ndani yao wamo wakulima wa Mwakirunge, ambako ukisimama kati ya mihogo na minazi huoni jiji, isipokuwa malori ya taka yanayokuja kuzimwaga huko. Kwa sheria mihogo hiyo ni ya jijini.

Sasa panda matatu ya Malindi, upite Bamburi, upite Shanzu, uvuke daraja. Ukishuka upande wa pili uko Mtwapa. Kuna mabenki, vilabu, magorofa na msongamano wa magari saa ya jioni. Sensa ile iliikuta Mtwapa na watu wapatao 90,000. Sehemu kubwa ya wanaopanda matatu asubuhi wanakuja kufanya kazi huku. Watoto wao wamo shuleni huku, na wagonjwa wao huletwa huku. Lakini daraja lile ni mpaka wa kaunti. Mtwapa ni Kilifi, kwa hiyo mtu wa Mtwapa hayumo katika ile milioni moja na laki mbili, na mkulima wa Mwakirunge yumo. Ukiuliza jiji la Mombasa linaishia wapi, macho yatakuambia linapita Mtwapa likielekea Kikambala. Sheria itakuambia linaishia majini, katikati ya mkono wa bahari.

Nakuru ikipanuka inaweza kuongezewa maeneo ndani ya kaunti yake kwa utaratibu wa sheria ya miji, kwa sababu kuna ardhi ya kaunti kuizunguka pande zote. Eldoret vile vile. Mombasa haina pembeni. Kwa kuwa mpaka wa jiji letu ndio mpaka wa kaunti, hauwezi kusogezwa kwa azimio la bodi wala kwa hati ya Rais. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru ipendekeze kwanza, ikizingatia mambo kama msongamano wa watu, miundombinu, uhusiano wa kihistoria na maoni ya wenyeji. Kisha Bunge la Taifa lipitishe kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, na Seneti kwa thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti. Kupata thuluthi mbili mara mbili ili kuichukulia Kilifi mji wake wenye mabenki na mahoteli ni kazi ambayo sijamsikia mwanasiasa wa Pwani akiitamani.

Wiki iliyopita nilipitia tena daraja lile saa kumi na mbili asubuhi. Kondakta alikuwa amening'inia mlangoni upande wa Kilifi, akipiga bodi kwa kiganja na kuita abiria. "Mjini, mjini, mjini!" Mama mmoja mwenye kapu la samaki akamwuliza kama gari linafika Markiti. "Panda, mama," akamjibu, "tunaingia mpaka ndani."